Kupata kitovu, nusu kipenyo na eneo la duara linalopita kwenye nukta tatu: mwongozo kamili

Tangi la maji la zege limejaa hadi juu. Unatakiwa kusema linabeba lita ngapi, lakini hakuna mchoro uliobaki na huwezi kwenda kusimama katikati yake na futi ya kupimia. Unachoweza ni kuzunguka ukuta kwa nje, kuchagua nukta tatu, kuzipima, na kurudi na viwianishi vyake, au koodineti kama wengi tunavyosema kazini. Nukta hizo tatu zinatosha. Kitovu kitapatikana, nusu kipenyo kitapatikana, na eneo litafuata lenyewe.

Nitaanza na namba ndogo ambazo unaweza kuzipiga kichwani, kisha tutalipima tangi lenyewe kwa namba ndefu za UTM, mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita za Mashariki na Kaskazini. Namba hizo ndefu ndizo zinazoangusha watu wengi, na dawa yake ni hatua moja fupi inayofanywa mwanzoni kabisa.

Kwa nini nukta tatu, si mbili wala nne

Kitovu cha duara kiko umbali sawa na kila nukta iliyo kwenye ukingo. Ukiwa na nukta mbili tu, A na B, sehemu zilizo umbali sawa na zote mbili ni nyingi mno: zinajipanga kwenye mstari mzima unaokata AB katikati kwa pembe mraba. Kitovu kiko mahali fulani kwenye mstari huo, ila hujui ni wapi. Nukta ya tatu, C, inakupa mstari wa pili, ule unaokata AC katikati kwa pembe mraba. Mistari hiyo miwili hukutana mahali pamoja tu, na hapo ndipo kitovu kilipo.

Ukichora kwenye karatasi kwa bikari na rula utaiona mistari hiyo ikikutana, na kwa kazi nyingi za darasani mchoro huo unatosha. Sisi tunataka namba, kwa hiyo tutaigeuza mistari hiyo kuwa milinganyo.

Hatua ya kwanza: hamishia A kwenye sifuri

Tuchukue A(−1, 5), B(6, 6) na C(3, −3).

Kabla ya kugusa mlinganyo wowote, toa viwianishi vya A kwenye nukta zote tatu. A inakuwa (0, 0). B inakuwa (6 − (−1), 6 − 5), yaani (7, 1). C inakuwa (3 − (−1), −3 − 5), yaani (4, −8). Ni sawa na kuuhamisha mchoro wote bila kuuzungusha wala kuunyoosha: duara halijabadilika ukubwa, limesogea tu. Mwishoni tutarudisha kitovu mahali pake kwa kujumlisha viwianishi vya A.

Nitaziita namba mpya za B kuwa (p, q) na za C kuwa (u, v). Kitovu kwenye mchoro huu uliohamishwa nitakiita (h, k).

Hatua ya pili: andika milinganyo miwili

Umbali kutoka kitovu hadi A, ambayo sasa ni sifuri, ukiuzidisha kwa wenyewe unapata h² + k². Umbali hadi B, vivyo hivyo, ni (h − p)² + (k − q)². Viwili hivi ni sawa:

h² + k² = (h − p)² + (k − q)²

Fungua mabano upande wa kulia. Utapata h² na k² pande zote mbili, na zitafutana. Kinachobaki ni mlinganyo mwepesi usio na kipeo chochote juu ya h wala k:

2ph + 2qk = p² + q²

Huo ndio ule mstari unaokata AB katikati, ukiwa umeandikwa kwa herufi. Fanya hivyo hivyo kwa C:

2uh + 2vk = u² + v²

Wanafunzi wengi wamefundishwa kuweka nukta tatu kwenye x² + y² + 2gx + 2fy + c = 0 na kutatua milinganyo mitatu yenye herufi tatu zisizojulikana. Njia hiyo ni sahihi, ila ni ndefu, na alama za kutoa hupotea njiani. Kwa kuhamishia A kwenye sifuri umekwisha kuifuta herufi c, na milinganyo inabaki miwili.

Kwa nukta zetu, p² + q² ni 49 + 1 = 50, na u² + v² ni 16 + 64 = 80. Milinganyo ni:

14h + 2k = 50
8h − 16k = 80

Wa kwanza unatupa k = 25 − 7h. Ukiiweka kwenye wa pili, 8h − 16(25 − 7h) = 80, yaani 120h = 480. Basi h = 4, na k = 25 − 28 = −3.

Hatua ya tatu: nusu kipenyo, kitovu halisi, eneo

Kwa kuwa A iko kwenye sifuri, nusu kipenyo ni umbali wa (h, k) kutoka sifuri: kipeuo cha pili cha 16 + 9, yaani 5. Kitovu halisi ni (−1 + 4, 5 − 3), yaani (3, 2). Eneo ni π × 25, takriban 78.54.

Angalia kwamba eneo halikuhitaji kipeuo. Ulikuwa na 25 mkononi kabla ya kupata 5, na eneo ni π mara hiyo 25. Nusu kipenyo kinapotoka na desimali ndefu, tumia h² + k² moja kwa moja badala ya kukikadiria kisha kukizidisha kwa chenyewe.

Ukitakiwa kutoa mlinganyo wa duara, ni (x − 3)² + (y − 2)² = 25, au ukifungua mabano, x² + y² − 6x − 4y − 12 = 0.

Fomula, kwa asiyetaka kutatua kila mara

Milinganyo ile miwili ikitatuliwa kwa herufi inatoa fomula ambayo mimi nimeiandika nyuma ya daftari la uwandani. Weka m = p² + q² na n = u² + v². Kisha:

D = 2(pv − qu)
h = (vm − qn) ÷ D
k = (pn − um) ÷ D
R² = h² + k²

Kwa mfano wetu, D = 2(7 × −8 − 1 × 4) = −120. Halafu h = (−8 × 50 − 1 × 80) ÷ −120 = −480 ÷ −120 = 4, na k = (7 × 80 − 4 × 50) ÷ −120 = 360 ÷ −120 = −3. Majibu ni yale yale.

D kuwa hasi si kosa. Alama yake inasema tu kwamba ukitoka A kwenda B kisha C unazunguka kama mshale wa saa. Ikiwa chanya, unazunguka kinyume chake. Iache na alama yake ndani ya h na k. Nimeona mtu akiifuta alama ya kutoa kwa kudhani ni makosa ya mahesabu, na kitovu kikaruka upande wa pili wa A. Nusu kipenyo kilibaki sahihi kwa sababu umbali kutoka sifuri haukubadilika, na ndiyo maana kosa halikuonekana upesi.

Hiyo D ina maana ya pili pia: bila alama yake, ni mara nne ya eneo la pembetatu ABC. Katika mfano, pembetatu ina eneo la 30. Hapo ndipo unapopata njia ya pili ya kuhakiki nusu kipenyo. Zidisha urefu wa pande tatu za pembetatu, kisha gawa kwa D isiyo na alama. AB ni kipeuo cha 50, AC ni kipeuo cha 80, na BC, ukitoka (7, 1) kwenda (4, −8), ni kipeuo cha 90. Zao lake ni kipeuo cha 360,000, yaani 600, na 600 ÷ 120 = 5. Njia hii haikupitia h wala k, kwa hiyo ikikubaliana na ya kwanza ujue mahesabu yamekaa sawa.

Sasa tangi

Chukua tangi la mviringo lililopimwa Dar es Salaam kwa viwianishi vya UTM, kanda ya 37 kusini. Nukta tatu kwenye uso wa nje wa ukuta zimetoka hivi, Mashariki ikitangulia:

A: 530412.36, 9248107.82
B: 530419.56, 9248111.22
C: 530411.56, 9248114.42

Namba ya Kaskazini ni kubwa hivyo kwa sababu kusini mwa ikweta UTM huhesabu kutoka 10,000,000 kwenye ikweta na kushuka. Tangi lenye upana usiofika mita 10 linaelezwa kwa namba zinazozidi milioni 9.

Katika miaka yangu ya mwanzo niliingiza namba kama hizi nzima nzima kwenye fomula ya darasani, ile yenye x² + y² kwa kila nukta, nikinakili majibu ya katikati kutoka kwenye kioo cha kikokotoo. Kitovu kilitoka mamia ya mita nje ya eneo la mradi. Nilirudia mara tatu nikidhani nimebonyeza vibaya, na kila mara nikapata upuuzi wa aina nyingine. Nilikuwa nabonyeza vizuri. Ukichukua nukta A, x² + y² ni takriban 85,800,000,000,000, namba ya tarakimu 14. Kioo kinachoonyesha tarakimu 10 kinaikata kwenye elfu kumi iliyo karibu, kwa hiyo kila jumla niliyonakili ilibeba kosa la hadi 5,000. Kosa hilo likigawanywa kwa tofauti za mita chache kati ya nukta, linakuwa mamia ya mita.

Kompyuta nayo haiponi kila wakati. Programu inayohifadhi namba kwa biti 32 haiwezi hata kuishika Kaskazini ya 9248107.82, maana katika ukubwa huo hatua kati ya namba moja na inayofuata ni 1 kamili. Desimali zote zinapotea kabla hujaanza kuhesabu. Namba za biti 64 zinaishika vizuri, lakini zikipandishwa kipeo cha pili hatua inakuwa takriban 0.016, na kosa dogo linajipenyeza kwenye milimita.

Dawa ni ile hatua ya kwanza. Toa A kwanza, kisha ndipo uzidishe.

B inakuwa (7.20, 3.40) na C inakuwa (−0.80, 6.60). Namba za milioni zimekwisha. Sasa:

m = 51.84 + 11.56 = 63.40
n = 0.64 + 43.56 = 44.20
D = 2(7.20 × 6.60 − 3.40 × −0.80) = 2(47.52 + 2.72) = 100.48

Kuwa makini hapo kwenye D: kutoa namba hasi ni kujumlisha. Hapo ndipo wengi hupata 44.80 badala ya 50.24 ndani ya mabano.

h = (6.60 × 63.40 − 3.40 × 44.20) ÷ 100.48 = (418.44 − 150.28) ÷ 100.48 = 2.669
k = (7.20 × 44.20 + 0.80 × 63.40) ÷ 100.48 = (318.24 + 50.72) ÷ 100.48 = 3.672

R² ni 20.606, na nusu kipenyo ni mita 4.539. Kitovu halisi, baada ya kujumlisha A, ni 530415.03 Mashariki na 9248111.49 Kaskazini. Eneo ni π × 20.606, takriban mita za mraba 64.7.

Hakiki kwa njia ya pande. BC ni (−8.00, 3.20), mraba wake 74.24. Zao la 63.40, 44.20 na 74.24 ni takriban 208,041. Kipeuo chake ni 456.12, gawa kwa 100.48, unapata 4.539. Imekubali.

Eneo hilo ni la uso wa nje, na maji hayakai ndani ya zege. Ikiwa ukuta una unene wa sentimita 20, nusu kipenyo cha ndani ni 4.339, na eneo la maji ni takriban mita za mraba 59.1. Kwa kina cha mita 2.5, tangi linabeba takriban mita za ujazo 147.9, yaani lita 147,900. Ukisahau ukuta utaandika lita 161,800, na mwenye tangi atasubiri lita karibu 14,000 ambazo hazipo. Kosa la ukuta haligunduliwi na hesabu yoyote tuliyofanya, kwa hiyo pima unene kwenye mlango wa juu wa tangi kabla hujaondoka.

Nukta tatu hukubali kila kitu

Jambo hili naliona halisemwi vya kutosha darasani. Ukishapata kitovu, ukipima umbali wake hadi A, B na C, utapata namba moja mara tatu. Hiyo inathibitisha kuwa hesabu ni sahihi. Haithibitishi kuwa vipimo ni sahihi. Ungekosea C kwa nusu mita, au ungeshika bomba linalopita kando ya ukuta badala ya ukuta wenyewe, bado duara lingepita kwenye nukta zote tatu bila kubakiza hata milimita. Nukta tatu zozote zisizonyooka kwenye mstari mmoja zina duara lake.

Kwa hiyo pima nukta ya nne, na usiitumie kwenye hesabu. Kwenye tangi letu nukta ya nne ilikuwa 530418.91, 9248113.87. Kutoka kitovu tulichopata ni 3.881 Mashariki na 2.378 Kaskazini, umbali wa mita 4.552. Tofauti na nusu kipenyo ni sentimita 1.2. Kwa ukuta wa zege uliopigwa lipu kwa mkono, hiyo ni tofauti ya kawaida. Ingekuwa sentimita 10, ningerudi kwenye tangi kabla ya kuandika chochote: ama nukta moja imeshikwa vibaya, ama tangi lenyewe si la mviringo kamili, na hapo hakuna nukta tatu zitakazokuambia ukweli.

Wapi pa kuweka nukta hizo

Hapa ndipo kazi nzuri na mbaya zinapotengana, na kikokotoo hakiwezi kukusaidia.

Fikiria duara la nusu kipenyo cha mita 5. Umekuwa mvivu, umechukua nukta tatu kwenye kipande kimoja cha ukuta: mbili ziko mita 2 mbali, ya tatu katikati yake. Ukiunganisha zile mbili za pembeni kwa mstari ulionyooka, nukta ya katikati imejitokeza nje ya mstari huo kwa sentimita 10.1 tu. Ukubwa wote wa duara umefichwa ndani ya sentimita hizo 10. Sasa kosea nukta ya katikati kwa sentimita 1, kosa ambalo lipu peke yake inaweza kulileta. Ikijitokeza zaidi kwa sentimita hiyo, hesabu inatoa nusu kipenyo cha mita 4.56 na eneo la mita za mraba 65.3. Ikijitokeza pungufu, inatoa mita 5.54 na eneo la 96.4. Eneo la kweli ni 78.5. Sentimita 1 ya ukutani imegeuka kuwa nusu mita kwenye nusu kipenyo.

Sasa tawanya nukta zilezile, ziwe umbali sawa kuzunguka duara lote, nyuzi 120 kutoka moja hadi nyingine. Nukta moja ikikosewa sentimita 1 kuelekea nje, nusu kipenyo kinabadilika kwa theluthi moja ya sentimita. Kosa limepungua badala ya kukua.

Kati ya hali hizo mbili, kipimo ni tao linaloshikwa na nukta zako, ukilitazama kutoka kitovuni. Tao likiwa na nyuzi 120, kosa la nukta ya katikati linaingia kwenye nusu kipenyo kama lilivyo: sentimita 1 kwa sentimita 1. Tao likishuka hadi nyuzi 60, kosa linakuzwa zaidi ya mara 6. Kwenye ule mfano wa mita 2, tao ni nyuzi 23 hivi, na kosa linakuzwa mara 48 au karibu 50. Mimi sikubali tao lililo chini ya nyuzi 120 kwa kazi ninayoitia sahihi.

Tatizo la uwandani ni kwamba ukisimamisha mashine ya kupimia mahali pamoja nje ya tangi, huoni hata nusu ya ukuta. Kwa tangi letu la 4.54, ukisimama mita 15 kutoka kitovu, unaona tao la nyuzi 145 hivi, na kwenye mwisho wa tao hilo miale inauparaza ukuta kwa ubapa, hivyo huna hakika prizma inayorudisha miale imegusa wapi. Hamisha mashine upande wa pili, uhakikishe vituo vyote viwili viko kwenye mfumo mmoja wa viwianishi, ndipo uchukue nukta ya tatu. Ni dakika 20 za ziada, na zinakununulia usahihi ambao hakuna fomula inayoweza kuurudisha baadaye.

Simu ya mkononi haifai kwa kazi hii. Kosa lake la kawaida ni mita kadhaa, na tangi zima lina upana wa mita 9. Kwa duara kubwa, tuseme ukingo wa bwawa lenye nusu kipenyo cha mita 200, simu inaweza kukupa makadirio ya kuanzia, lakini usiingize latitudo na longitudo kwenye fomula kama zilivyo. Ni nyuzi, si mita, na nyuzi 1 ya longitudo hufupika kadiri unavyoiacha ikweta, wakati ya latitudo inabaki karibu ileile. Duara litaingia kwenye hesabu likiwa limebonyea. Zigeuze kuwa UTM kwanza.

D ikikataa

D ikiwa 0 kamili, nukta tatu ziko kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mistari yetu miwili ya katikati ni sambamba, haikutani, na duara halipo. D hutoka 0 pia ukiandika nukta moja mara mbili, kosa la kawaida unaponakili kutoka kwenye orodha ndefu.

D ndogo isiyo 0 ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu hesabu haikwami. Inakupa duara kubwa la ajabu huku ikionekana imekamilika. Tangi la kawaida likikupa nusu kipenyo cha mita 300, rudi kwenye viwianishi. Nusu kipenyo cha UTM kikitoka mamilioni ya mita, tatizo si D ndogo: huenda Mashariki na Kaskazini zimebadilishana mahali kwenye nukta moja tu, maana orodha nyingine huanza na Kaskazini. Zikibadilishana kwenye nukta zote tatu, nusu kipenyo na eneo vitakuwa sahihi bado, ila kitovu kitatoka kimegeuzwa, Kaskazini ikiwa ya kwanza, na alama ya D itakuwa kinyume cha inavyopaswa kuwa.

Kuna hali moja inayokupunguzia kazi: ikiwa mraba wa AB ukijumlishwa na mraba wa AC unaleta mraba wa BC, pembe ya A ni pembe mraba, na BC yenyewe ni kipenyo. Kitovu ni katikati ya BC. Uwandani haitokei kwa bahati, lakini kwenye mitihani hutokea mara nyingi, kwa hiyo piga hesabu ya pande tatu kwanza kabla ya kuanza milinganyo.

Kwa wenye matangi mengi

Nikiwa na matangi kumi sifanyi kwa mkono. Natumia kipande hiki cha Python, ambacho kinafuata hatua zilezile kwa mpangilio uleule:

```python
from math import hypot, pi

def duara(A, B, C):
    p, q = B[0] - A[0], B[1] - A[1]
    u, v = C[0] - A[0], C[1] - A[1]
    m, n = p*p + q*q, u*u + v*v
    D = 2 * (p*v - q*u)
    if abs(D) <= 1e-9 * (m + n):
        raise ValueError("nukta zimenyooka")
    h = (v*m - q*n) / D
    k = (p*n - u*m) / D
    return A[0] + h, A[1] + k, hypot(h, k), pi * (h*h + k*k)

print(duara((530412.36, 9248107.82),
            (530419.56, 9248111.22),
            (530411.56, 9248114.42)))
```

Inatoa Mashariki ya kitovu, Kaskazini yake, nusu kipenyo, kisha eneo. Mistari miwili ya mwanzo ndani ya kazi hiyo ndiyo inayotoa A, na isiondolewe hata kama unaona fomula inafanya kazi bila hiyo kwa namba ndogo. Kwa D sikuweka ulinganisho na 0 kamili, kwa sababu viwianishi vyenye desimali vilivyonyooka huacha mabaki madogo sana, na 0 kamili haitoki. Naipima D dhidi ya ukubwa wa nukta zenyewe.

Ukiiendesha na namba za tangi letu, linganisha na tulichopata kwa mkono: 530415.03, 9248111.49, 4.539 na 64.7. Kisha weka nukta ya nne badala ya C, uendeshe tena, uone kitovu kimesogea kwa sentimita ngapi. Huo msogeo ndio unaonyesha kiasi cha imani unachoweza kuweka kwenye lita utakazoandika.